Ampia Pekee Hazitoshi: Jinsi ya Kupima Mzigo na Ufanisi wa Mota Ikiwa Kazini

Fundi anafungua paneli ya mashine ya kusaga, anabana klampu mita kwenye waya mmoja na kusoma ampia 25. Anainama kutazama kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa mota: ampia 41. Anagawanya, anapata 61, na kumwambia mwenye mashine kwamba mota yake inabeba asilimia 61 ya mzigo. Hesabu ya namna hii hufanywa kila siku kwenye mashine za unga, visima na karakana. Ni ya haraka, lakini haisemi kweli. Mota hiyohiyo ikipimwa sawasawa, inaonekana inabeba chini ya nusu ya uwezo wake.

Kosa linaanzia kwenye maana ya ampia zenyewe. Mota ya kawaida ya fezi tatu hujitengenezea sumaku kwa umeme inaouvuta kutoka kwenye laini. Sumaku hiyo inahitajika hata kama shafti inazunguka bure, bila mkanda wala kinu. Kwa hiyo mota isiyobeba chochote bado huvuta mkondo, na kwa mota nyingi mkondo huo hufika kati ya asilimia 30 na 50 ya ule ulioandikwa kwenye kibati. Mota ya mfano wetu ikivuliwa mkanda inavuta ampia 16. Ukiitazama kwa ampia tu, utadhani inabeba karibu asilimia 40 ya mzigo, na kumbe inazunguka hewani.

Kinachotenganisha mkondo wa kutengeneza sumaku na mkondo unaofanya kazi ni pawa fakta. Mota ikibeba mzigo wake kamili, pawa fakta huwa karibu na 0.85. Mzigo ukishuka hadi nusu inaporomoka kuelekea 0.7, na mota ikizunguka bure haifiki hata 0.2. Ndiyo maana vipimo vitatu, yaani volteji, mkondo na pawa fakta, vinatakiwa kwenda pamoja. Vikizidishwa vinatoa umeme halisi unaoingia kwenye mota:

P = √3 × V × I × PF ÷ 1000

Jibu ni kilowati. √3 ni takribani 1.732, V ni volteji kati ya fezi na fezi, na I ni wastani wa mkondo wa waya zote tatu. Neno "wastani" si la kupuuzwa. Tofauti ya asilimia moja tu ya volteji kati ya fezi na fezi yaweza kuzaa tofauti ya mkondo ya mara 6 hadi 10 ya hiyo, kwa hiyo anayepima waya mmoja na kufunga paneli amepima bahati yake.

Turudi kwenye kinu. Kibati kinasema: kilowati 22, volti 400, ampia 41, hezi 50, pawa fakta 0.85, mizunguko 1465 kwa dakika, ufanisi asilimia 91. Kilowati 22 ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Ili kutoa 22, mota hii inahitaji kuingiziwa 22 ÷ 0.91, yaani kilowati 24.2. Hiyo ndiyo namba ya kulinganishia.

Mahindi yakiwa yanaingia kwa mwendo wa kawaida, vipimo ni hivi: volteji 392, 396 na 388, wastani 392, mkondo 24, 26 na 25, wastani 25, pawa fakta 0.68. Hesabu inatoa kilowati 11.5. Gawanya kwa 24.2, unapata asilimia 48. Huo ndio mzigo wa karibu na ukweli, si ile 61. Na kama fundi hana kifaa cha kusoma pawa fakta, akaamua kuazima ile 0.85 ya kwenye kibati, angepata kilowati 14.4, robo nzima zaidi ya umeme unaoingia kweli. Pawa fakta ya kwenye kibati ni ya mota iliyobeba mzigo kamili. Nje ya hapo haina kazi.

Hadi hapa kazi ni nyepesi. Ugumu unakuja mwenye mashine anapouliza swali la pili: "Fundi, umeme wangu unapotea kiasi gani humo ndani?" Hapo wengi huchukua kilowati 22, wakazizidisha kwa asilimia 48 ya mzigo, wakagawanya kwa kilowati 11.5 zilizopimwa, na kutangaza ufanisi wa asilimia 91. Bila shaka itatoka 91, kwa sababu ndiyo iliyotumika kupata ile asilimia 48. Hesabu imezunguka na kurudi pale ilipotoka. Vipimo vya umeme unaoingia vinaeleza kilichoingia tu. Kujua ufanisi ni lazima kujua kinachotoka, na hicho kinahitaji njia nyingine inayojitegemea.

Njia inayowezekana bila kung'oa mota na kuipeleka maabara ni kuhesabu hasara zake moja moja, kisha kuzitoa kwenye kilichoingia. Mambo matatu yanaongezwa kwenye vipimo vya mwanzo. La kwanza, mota inavuliwa mkanda na kupimwa ikizunguka bure. Ya kwetu inavuta ampia 16 na kilowati 0.9. La pili, umeme unazimwa, waya za mota zinafunguliwa, na ukinzani wa koili kati ya terminali mbili unapimwa kungali na moto. Tuseme ni omu 0.30. Kipimo hiki kinahitaji mita inayoweza kusoma ukinzani mdogo, maana maltimita ya kawaida hukosea sana chini ya omu moja. La tatu ni kasi ya shafti ikiwa kinu kinasaga, ambayo takomita ya mwanga inaisoma kuwa 1484.

Joto linalopotea kwenye koili za steta ni 1.5 × mkondo × mkondo × omu. Kwa ampia 25 ni wati 280 hivi. Mota ikizunguka bure, sehemu hiyo ni wati 115. Ukizitoa kwenye wati 900, zinabaki 785, ambazo ni hasara ya chuma, beringi na feni. Hizi hazibadiliki sana, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Rota nayo hupoteza kadiri inavyobaki nyuma ya sumaku. Sumaku inazunguka mara 1500 kwa dakika, rota mara 1484, kwa hiyo imebaki nyuma kwa mizunguko 16, kama asilimia moja, na asilimia hiyo ya nguvu inayovuka kwenda kwenye rota inageuka joto: wati 115 hivi. Ukiongeza wati 50 za hasara ndogondogo zisizopimika kwa urahisi, jumla ni kama kilowati 1.23. Umeingia 11.54, umetoka 10.31. Ufanisi ni asilimia 89.

Asilimia 89 kwa mota inayobeba nusu ya mzigo, wakati kibati kinaahidi 91 kwa mzigo kamili! Hapa ndipo watu wengi hushangaa, kwa sababu wamekuwa wakichanganya pawa fakta na ufanisi. Pawa fakta ya 0.68 haimaanishi kwamba asilimia 32 ya umeme imepotea. Ufanisi wa mota nzuri hukaa karibu palepale kuanzia mzigo kamili hadi nusu, na huanguka vibaya mzigo ukiteremka chini ya robo. Kwa mota hii, ikibeba kilowati 3.3 tu, hasara ileile ya chuma na beringi ingeushusha ufanisi hadi karibu asilimia 78. Pawa fakta ndogo ina gharama yake, hasa kwa wateja wakubwa wanaotozwa kwa kilovoltampia, lakini hiyo ni gharama nyingine na dawa yake ni kapasita.

Kapasita nazo zina mtego. Zikiwa zimefungwa karibu na mota, ni muhimu kujua klampu imebanwa upande gani. Ukipima kabla ya kapasita, upande wa laini, utaona ampia chache na pawa fakta nzuri. Ukipima baada yake, kwenye waya zinazoingia kwenye mota, utaona ampia nyingi na pawa fakta mbaya. Kilowati zitabaki karibu zilezile. Mtu aliyetegemea ampia peke yake angesema mzigo umepungua.

Kasi ya shafti inadai uangalifu zaidi, kwa sababu inavutia kutumika yenyewe kama kipimo cha mzigo. Kwenye mzigo kamili rota hubaki nyuma kwa mizunguko 35, leo imebaki kwa 16, basi mzigo ni asilimia 46. Ni karibu sana na 48 ya kilowati, na ulinganifu huo unatia moyo. Ila gridi ikishuka kutoka hezi 50 hadi 49.8, sumaku inazunguka mara 1494, si 1500. Mizunguko 6 imetoweka bila mzigo kubadilika, nawe ulikuwa unatafuta 16. Kwa hiyo hezi husomwa wakati uleule takomita inaposomwa. Tena viwango vya kimataifa vinamruhusu mtengenezaji kukosea asilimia 20 kwenye kubaki nyuma kunakotokana na kibati, na hata ufanisi una posho yake: mota ya ukubwa huu iliyoandikwa 91 inakubalika ikiwa na karibu 89.7. Anayetoa jibu lenye desimali mbili kutokana na vipimo vya paneli anadai uhakika ambao hana.

Kuna mota ambazo kibati chake hakifai kuaminiwa kabisa, nazo ni nyingi kwetu: zile zilizoungua na kusukwa upya. Fundi akipunguza mizunguko ya waya au akatumia waya mwembamba, mota inaweza kuzunguka vizuri tu huku kibati kikieleza mota ambayo haipo tena. Dalili huonekana ikizungushwa bure. Mota iliyokuwa ikivuta ampia 16 sasa inavuta 22, na kilowati zake zimepanda bila kazi yoyote. Kwa mota kama hiyo, hesabu ya hasara moja moja ndiyo inayobaki na maana, kwa kuwa inapima mota iliyopo.

Na je, mwenye kinu anunue mota ndogo? Mota mpya ya kilowati 15 ingebeba kazi hiihii kwa asilimia 69 ya uwezo wake, kwa ufanisi wa karibu asilimia 91. Ingeokoa takribani kilowati 0.2, au uniti 480 hivi kwa mwaka kwa saa 8 za kazi na siku 300. Hailipi kuitupa mota nzima kwa ajili hiyo. Apime kwanza gunia zima linaposagwa, pamoja na dakika zile kinu kinapokabwa na mahindi, aone kilowati zinapanda hadi wapi. Zisipozidi 14 zinazoingia, basi siku mota hii itakapoungua, anunue ya 15.