Sura ya Malale Katika Kadi Sitini na Moja

Kadi ya kwanza aliyonionyesha ilikuwa na maneno matatu upande wa mbele: "Eleza ugonjwa wa malale." Upande wa nyuma ulijaa mwandiko mdogo, mistari kumi na minne, kutoka ukingo hadi ukingo. Mwenye kadi ni binti anayesomea uuguzi. Kwao ni Lurujo, na likizo hii huja kwangu jioni kujiandaa na mtihani. Sura ya malale katika kitabu chake ina kurasa 24, naye alikuwa ameigeuza kuwa kadi 19.

"Mwalimu, nazisoma kila siku lakini haziingii," alisema.

Neno "nazisoma" lilinitosha kujua tatizo lilipo. Kadi haisomwi. Kadi hujibiwa kwa mdomo au kwa kalamu, na ndipo hugeuzwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Baadhi waliyasoma tena, wengine walijaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa na mengi kichwani. Kinachojenga kumbukumbu ni ile kazi ya kulitafuta jibu. Sasa nani anaweza kutafuta mistari kumi na minne kichwani? Atakumbuka mitano, atageuza kadi, ataitazama ile mingine na kujiambia, "Ah, hii naijua." Hapo amerudi kwenye kusoma.

Kadi zile 19 tuliziweka pembeni, na kalamu pia. Kwanza aisome sura nzima, kisha kila sehemu anieleze kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hii wengi huiruka kwa sababu haionekani kama kazi, ila kwangu ndiyo inayoamua kila kitu. Kitabu kilisema kwamba hifadhi kuu ya vimelea vya malale ya huku kwetu West Nile ni binadamu. Alikitamka kifungu hicho bila kukosea hata neno. Nilipomuuliza hifadhi ni nini, akasema ni mahali mbung'o anapojificha, yaani vichaka vya mtoni. Kumbe neno hilo lina maana ya kiumbe ambamo vimelea huendelea kuishi, na ambaye mbung'o humnyonya na kuvibeba tena. Kama angeandika kadi siku ile, angelihifadhi kosa lake kwa uangalifu mkubwa na kulirudia kila jioni.

Baada ya kuelewa tukaanza kuchagua, maana si kila kilichomo kwenye sura kinastahili kadi. Kipimo nilichompa ni hiki: bila jambo hili, utakosea wapi, kwenye mtihani au mbele ya mgonjwa? Kurasa nne za historia, pamoja na David Bruce na uchunguzi wake wa Entebbe mwaka 1903, zilitoa kadi mbili tu. Ukurasa mmoja unaolinganisha aina mbili za malale ulitoa tisa.

Nitauchukua ukurasa huo, kwa sababu hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kwa ufupi unasema hivi. Malale ya binadamu yana aina mbili, na Uganda ndiyo nchi yenye zote mbili. Aina ya gambiense ndiyo ya West Nile: Arua, Koboko, Maracha, Yumbe, Moyo na Adjumani. Huenda polepole, kwa miezi au hata miaka, na hifadhi yake kuu ni binadamu. Aina ya rodesiense ilijulikana zaidi Busoga, kisha ikapanda kuelekea Teso na Lango pamoja na ng'ombe waliohamishwa. Hiyo huenda haraka, kwa wiki au miezi michache, na hifadhi yake kuu ni wanyama, hasa ng'ombe na wanyamapori.

Jaribio lake la pili lilikuwa kadi hii: "Gambiense hupatikana wapi, huchukua muda gani, na hifadhi yake ni nini?" Imepungua, ndiyo, lakini bado ni maswali matatu yaliyovaa kadi moja. Tuseme umejibu mawili ukakosa la tatu. Kadi hii umeipata au umeikosa? Ukisema umeipata, lile la tatu hutaliona tena kwa siku nyingi. Ukisema umeikosa, utayarudia bure mawili unayoyajua. Swali moja lenye jibu moja hukuondolea shaka hiyo, na hiyo ndiyo sababu ya jibu kuwa fupi. Hatufupishi ili kubana karatasi. Tunataka hukumu iwe wazi.

Tukazivunja hivi:

Hifadhi kuu ya vimelea vya gambiense ni nani? — Binadamu.

Hifadhi kuu ya vimelea vya rodesiense ni nani? — Wanyama, hasa ng'ombe na wanyamapori.

Mgonjwa wa malale ni mkulima wa Koboko ambaye hajawahi kusafiri. Utashuku aina gani? — Gambiense.

Kwa nini kuwapima na kuwatibu watu wote kunaweza kuumaliza ugonjwa wa gambiense, lakini hakutoshi kwa rodesiense? — Kwa sababu vimelea vya rodesiense hubaki kwa wanyama.

Kadi ya nne ndiyo niipendayo. Mbili za kwanza, zikiachwa peke yake, zitagombana kichwani. Majina yanafanana, maswali yanafanana, na wiki ya pili utaanza kusema ng'ombe palipo na binadamu. Mambo pacha ndiyo yanayosahaulika kwa njia ya kubadilishana nafasi, na kuyarudia zaidi hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kadi ya "kwa nini", inayoyashika yote mawili kwa sababu moja. Kila mahali kitabu kinapolinganisha vitu viwili, ongeza kadi ya namna hiyo.

Orodha nazo zina shida yake. Kitabu kilitaja dalili za hatua ya kwanza: homa, kuumwa kichwa, maumivu ya viungo, kuwashwa mwili, na kuvimba tezi nyuma ya shingo. Binti akataka kadi ya "Taja dalili tano." Kadi kama hiyo humchosha mtu, kwani leo atasahau ya tatu, kesho ya tano. Tukajiuliza ni ipi kati ya hizo inayomtofautisha mgonjwa huyu na wengine waliokaa benchi moja naye kituo cha afya. Homa na kichwa kila mgonjwa wa malaria anavyo. Basi tukaandika kadi ya tezi peke yake: "Katika gambiense, ni tezi za sehemu gani ya shingo huvimba?" Jibu: za nyuma. Halafu nyingine: "Kwa nini homa peke yake haitoshi kumshuku mtu malale?" Jibu: inafanana na ya malaria. Zile nyingine atazikumbuka kwa kuelewa kwamba vimelea viko kwenye damu na tezi, bado havijafika kwenye ubongo.

Takwimu hufuata utaratibu huo huo. Kando ya mito ya huku, Enyau na Kochi kwa mfano, watu wameviona vitego vidogo vya kitambaa cha buluu na wavu mweusi vilivyotiwa dawa ya kuua wadudu. Majaribio yake yalianza West Nile mwaka 2011. Kitabu kimetoa vipimo vya kitambaa, umbali kati ya kitego na kitego, na jina la dawa. Kwa fundi wa vitego, hizo ni kadi tatu za lazima. Kwa muuguzi, moja inatosha: "Kwa nini vitego huwekwa kando ya mto?" Jibu: mbung'o wa huku huishi kwenye vichaka vya kingo za mito.

Kuna jambo moja ambalo kadi haiwezi kukuambia, nalo ni kwamba imepitwa na wakati. Kitabu chake kilitaja sindano za pentamidini kwa hatua ya kwanza. Tangu 2019 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unawapa wagonjwa wengi wa gambiense vidonge vya feksinidazoli kwa siku kumi. Kitabu ukikifungua unauona mwaka wake wa kuchapishwa kwenye kurasa za mwanzo. Kadi haina ukurasa huo. Kwa hiyo kila kadi ya matibabu tuliiandika mwaka kwenye pembe, na namba ya ukurasa ilikotoka. Hizo ni za kukaguliwa upya kila muhula.

Kwa karatasi tulitumia manila. Ukiikunja katikati mara tano kisha ukaikata kwenye mikunjo, unapata kadi 32. Manila mbili zilitupa 64, nasi tulipomaliza sura tulikuwa tumejaza 61. Kazi ilichukua jioni nne. Haikuwa kupoteza muda, kwani kulivunja swali kwenyewe ni kujifunza, na ndiyo maana sishauri mtu anakili kadi za mwenzake.

Kuzipitia, tulifuata njia ya mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner, aliyoieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972: kisanduku chenye vyumba. Sisi tuligawa boksi la sabuni vyumba vitatu. Kadi zote huanzia cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi husogea cha pili, cha kila siku tatu, kisha cha tatu, cha kila wiki. Ukikosea, hata kama ilikuwa chumba cha mwisho, inarudi mwanzo. Jibu lisemwe kwa sauti kabla ya kugeuza, maana jibu la moyoni hujirekebisha lenyewe mara macho yanapoona nyuma ya kadi.

Wiki ya pili nilimwona akijibu kabla hajamaliza kusoma swali. Nilidhani ni wepesi. Nikachukua kadi ya tezi nikamuuliza kinyume: "Mgonjwa ana uvimbe nyuma ya shingo na homa ya muda mrefu, utafikiria nini?" Akanyamaza. Alikuwa ameizoea sura ya kadi yenyewe, doa la wino na neno la kwanza, na jibu lilikuja kwa kuliona doa. Kadi kama hiyo huandikwa upya kwa swali la upande wa pili, na ile ya zamani hutupwa.

Hapo ndipo ilipotumika ya kwanza kati ya kadi tatu tupu zilizobaki. Ya pili ilijazwa juma lililofuata, alipodhani kwamba usingizi wa mchana ni dalili ya mwanzo. Aliandika mwenyewe, bila kuniuliza: "Usingizi ukivurugika, mchana analala na usiku yuko macho, vimelea vimefika wapi?" Akageuza, akaandika neno moja: "Ubongoni." Ya tatu bado iko tupu ndani ya boksi.