Dawa ya Shambani, Kisima Kifupi

Mwaka 1979 maji ya visima mashariki mwa Long Island, katika jimbo la New York, yalikutwa na aldikabi, dawa ya wadudu ambayo wakulima wa viazi walikuwa wakiitumia tangu 1975. Hakuna aliyeimwaga kisimani. Ilikuwa chengachenga zinazofukiwa pamoja na mbegu ili kumdhibiti mbawakawa anayekula majani ya viazi. Upimaji ulipoenea, visima zaidi ya elfu moja vilikutwa vimevuka kiwango cha jimbo cha maikrogramu 7 kwa lita. Mwaka uliofuata dawa hiyo ikaacha kuuzwa kisiwani humo.

Hatari kama hiyo inaweza kukadiriwa kabla ya mfuko kufunguliwa. Jambo la kwanza ni jinsi dawa inavyonata kwenye kaboni ya mboji iliyomo udongoni. Kipimo chake huandikwa Koc, na kikiwa kikubwa dawa haibanduki kirahisi. La pili ni nusu-maisha, yaani siku ambazo dawa huchukua hadi nusu yake ioze. Mwaka 1989 mtafiti David Gustafson aliviunganisha viwili hivyo katika kanuni fupi:

GUS = log10(nusu-maisha) × (4 − log10(Koc))

Jibu likizidi 2.8, dawa inaelekea kuzama hadi kwenye maji ya ardhini. Likiwa chini ya 1.8, inaelekea kubaki juu. Katika majedwali yanayotumika sana, aldikabi ina Koc ya 30 na nusu-maisha ya siku 30, hivyo inapata karibu 3.7. Klopirifosi, inayofahamika sana kwa wakulima wa Afrika Mashariki, nayo imepewa siku 30, lakini Koc yake ni kama 6,000. Inapata 0.3 tu. Huozea kwa mwendo uleule, ila moja husafiri na nyingine hung'ang'ania udongo.

Kanuni hiyo ni nzuri kwa kulinganisha dawa na dawa. Kuhusu shamba lako haisemi kitu: haijui maji yako umbali gani, wala udongo una mboji kiasi gani.

Basi tuchukue shamba la mfano lenye mchanga, maji yakiwa mita 3 chini, na milimita 500 za mvua zikipenya chini ya mizizi kila mwaka. Sentimita 30 za juu zina kaboni ya asilimia 1. Zidisha Koc ya 30 kwa 0.01, unapata 0.3, nguvu halisi ya udongo huo kuishika dawa. Ukiingiza uzito wa mchanga na unyevu wake wa asilimia 15, dawa inakwenda mara 4 polepole kuliko maji. Maji hupita tabaka hilo kwa siku 33 hivi, dawa kwa siku 131. Kufikia hapo imebaki asilimia 5. Kati ya kilo 2 zilizowekwa kwenye hekta, ni gramu 100 tu.

Chini ya hapo mambo hugeuka. Kaboni ikiwa asilimia 0.1, dawa inakaribia kwenda sambamba na maji, na inamaliza mita 2.7 zilizobaki kwa siku 385 hivi. Ukiendelea kutumia nusu-maisha ya siku 30, kinachofika majini ni miligramu 14, kiasi kisichotia wasiwasi. Lakini siku hizo 30 zilipimwa kwenye udongo wa juu wenye joto na vijidudu tele. Tuseme huko chini ni siku 200: zinafika gramu 26, nazo katika lita milioni 5 za mwaka ni kama maikrogramu 5 kwa lita, mara hamsini ya kikomo cha Umoja wa Ulaya cha 0.1.

Hapo ndipo makadirio mengi huanguka, na Long Island ni ushahidi. Dawa iliwekwa majira ya kuchipua, udongo ukiwa bado baridi na mvua nyingi. Aldikabi pia hugeuka kuwa viini viwili vingine vyenye sumu vinavyodumu kuliko yenyewe, na maji ya huko yenye asidi huchelewesha kuoza kwake. Anayehesabu dawa mama peke yake anahesabu nusu ya habari.

Kuna kosa jingine dogo la mezani. Maabara nyingi huandika mboji yote, si kaboni yake. Tarakimu hiyo igawe kwa 1.72 kwanza, usipofanya hivyo, udongo utaonekana unashika dawa kuliko uwezo wake.

Kwa mwenye shamba la mchanga na kisima kifupi, pwani au kwingineko, ombi kwa maabara ni moja: wapime kaboni ya sampuli mbili, moja ya juu na nyingine ya kina cha mita moja.