Finje na Kobole

Shiru huamka mangware, kitu saa kumi hivi, anadandia mat ya kwanza kutoka Kayole na kuingia Marikiti kabla malori ya nyanya za Loitokitok yamalize kushusha mzigo. Masaa hiyo ndio bei huwa poa. Shida ni kwamba masaa hiyo pia simu yake huwa imekauka. Basi anachukua mkopo wa 3,000 hapo hapo kwa simu, ananunua nyanya, vitunguu na hoho, halafu anarudi kwa kibanda yake.

Ukiuchukua huo mkopo unakatwa 30 ya kuufungua, ambayo ni asilimia 1, na 25 ya siku. Jumla ni finje na kobole. Ukiwa na kibanda, hiyo ndio pesa unaachia kastoma akikosa chenji. Shiru hakuwa anaiskia kabisa. Makastoma wakilipa kwa simu, deni inajilipa yenyewe, na kufika jioni yeye ni mtu huru. Kesho mangware anachukua tena.

Mwisho wa mwezi landilodi akabisha, na akishalipa renti Shiru akapata amebaki na pesa kidogo sana. Hapo ndio Shiru alichanganyikiwa, juu biashara ilikuwa inasonga. Akaitisha steitimenti ya mwezi mzima, akaenda kuketi na mathe wa viazi, mweka hazina wa chama yao.

"Mathe, hebu niangalilie. Nani ananiibia?"

"Hakuna mtu anakuibia, mtoto wangu. Soma tu hizi laini zimeandikwa ada."

Wakazijumlisha na kikokotoo. Ameuza siku 26, na kila siku amekatwa 55. Hiyo ni 1,430.

"Zii, hii si poa," Shiru akasema. "Kwani nilikopa ngiri ngapi?"

"Ni hiyo 3,000 moja. Umeilipa jioni, ukaikopa asubuhi, na kila ukiifungua upya unachapwa ile 30 upya. Hujawahi kushika zaidi ya 3,000 siku yoyote, lakini umelipia karibu nusu yake kwa mwezi."

Kitu kilimuuma zaidi ni kwamba miezi mbili nyuma mathe alikuwa amemwambia akope kwa chama. Riba huko ni asilimia 10 kwa mwezi, kwa deni yenye imebaki. Shiru alikuwa amepiga hesabu haraka, akaona soo tatu, akasema hiyo ni noma. Soo tatu inaonekana juu unaambiwa yote mara moja. 1,430 ilikuwa imekuja kwa vipande vidogo, kwa meseji zenye hakuna mtu husoma akiwa anapimia kastoma nyanya.

Lakini mathe hakuishia hapo, na hii ndio sehemu naona wasee wengi wa soko hawajaishika. Alimuuliza, "Ukiuza mzigo wa 3,000 unabaki na ngapi?"

Anauza kama 3,800. Mat na mkokoteni zinakula 200, kwa hivyo faida ni 600. Food, renti na fee ya mtoi, ukizigawa kwa siku, zinachukua 500. Inabaki soo moja.

"Basi usipime hiyo 55 na 3,000," mathe akamwambia. "Ipime na hiyo soo."

Shiru akanyamaza. Ukiweka 55 kando ya 3,000 ni kitu kidogo. Ukiiweka kando ya soo moja yenye inabaki, ni zaidi ya nusu ya kila kitu angeweza kuweka. Ndio maana kila mangware hakuwa na stoki yake mwenyewe, na ndio maana alilazimika kukopa tena. Bila hiyo ada, soo kwa soo, angekuwa na 3,000 yake mwenyewe baada ya siku 30 za kuuza. Na ada peke yake, akiendelea hivyo siku 55, zinafika 3,025. Angekuwa amelipa stoki nzima na bado hana stoki.

Alichukua 3,000 ya chama. Kila jioni alirudisha 3,000 ya mzigo kando, akaguza tu ile soo kulipa deni. Mwezi wa kwanza akalipa 2,600 kati ya 3,300, zikabaki 700. Mwezi wa pili ikaongezeka riba ya 70, akaimaliza kwa siku nane. Riba yote ilikuwa 370, na 3,000 ya stoki ikabaki yake.

Mkopo wa simu bado anao. Juzi mtoi aliugua usiku, akauchukua mara moja, akaulipa kesho yake, na hiyo 55 ilikuwa halali kabisa. Hiyo ni kazi yake. Kununua mzigo wa kila siku si kazi yake.

Kama uko na kibanda, itisha steitimenti ya mwezi leo. Jumlisha ada za mkopo peke yake, halafu uziweke kando ya kile hubaki ukishalipa renti na food.