Uswisi ilipowatoza wenye akiba

Mwanzoni mwa mwaka 2015, mfuko mmoja wa pensheni nchini Uswisi ulikaa chini kupiga hesabu. Fedha zake zilikuwa benki, na sasa kuziweka huko kulikuwa na gharama: asilimia 0.75 kwa mwaka. Kwa kila faranga milioni 10, hizo ni faranga 75,000 za kukatwa. Wakubwa wa mfuko wakaulizia bei ya chumba cha chuma, gari la kusafirishia fedha na bima. Wakaona kwamba wakizitoa fedha zote zikiwa noti na kuzifungia wenyewe, hata baada ya kulipia hayo yote watabaki na nafuu ya faranga 25,000 hivi kwa kila milioni 10. Basi wakaiomba benki yao iwape noti.

Benki ikakataa kutoa kiasi hicho. Habari hiyo ilitangazwa na SRF, shirika la utangazaji la umma, na Benki ya Taifa ya Uswisi, ambayo ndiyo benki kuu ya nchi hiyo, haikuficha kwamba ilikuwa imezishauri benki zisiwe rahisi kukubali maombi ya namna hiyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kuona benki zikibandika matangazo ya riba kumvuta aweke akiba, mambo haya yanaweza kuonekana kama kichekesho. Lakini hesabu ya mfuko ule inaonyesha vizuri riba hasi ni kitu gani na inaishia wapi.

Uswisi ilifikaje huko? Kila Ulaya ilipopata msukosuko, wenye mali walikimbilia faranga ya Uswisi, nayo ikapanda thamani mno, bidhaa za viwanda vya nchi hiyo zikawa ghali kwa wanunuzi wa nje. Septemba 2011 benki kuu ilitangaza kwamba haitakubali yuro moja ishuke chini ya faranga 1.20, na ili kutimiza ahadi hiyo ikawa inanunua yuro bila kikomo. Tarehe 15 Januari 2015 iliachana na ahadi hiyo ghafla, na faranga ikaruka juu siku hiyohiyo. Ili kupunguza kishindo, benki kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 0.75 chini ya sifuri. Wakati ule hakukuwa na benki kuu nyingine kubwa iliyokuwa imefika kina hicho, isipokuwa Denmaki iliyofuata wiki chache baadaye, nayo ikilinda sarafu yake.

Benki kuu haimtozi mwananchi. Inazitoza benki za biashara. Kila benki ina akaunti katika benki kuu, na humo ndimo benki hulipana zenyewe kwa zenyewe. Riba inayowekwa na benki kuu ndiyo inayovuta bei ya fedha ambazo benki hukopeshana, na kutoka hapo huathiri riba nyingine zote. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia riba ya sera Januari 2024, iliiweka asilimia 5.5 kwa lengo hilohilo la kuongoza soko la benki. Tofauti ya Uswisi ni kwamba salio la benki kwenye akaunti ile halikulipwa chochote, bali lilikatwa.

Matumaini yalikuwa haya: benki inayokatwa kwa kuacha fedha zikilala itatafuta mahali pa kuzipeleka. Itakopesha wateja, itanunua hati fungani, au itanunua fedha za kigeni. Lakini kwa benki zote zikichukuliwa pamoja, salio lile halina pa kwenda. Benki moja ikimlipa mtu, fedha zinatua kwenye akaunti ya benki nyingine, palepale benki kuu. Ni kaa la moto linalorushwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kinachobadilika ni bei: kila anayelirusha yuko tayari kununua kitu kwa bei ya juu kidogo ili asibaki nalo.

Na bei zilibadilika kweli. Aprili 2015 serikali ya Uswisi ilikuwa ya kwanza duniani kuuza hati fungani mpya za miaka 10 kwa faida iliyo chini ya sifuri. Wawekezaji walilipa zaidi ya kile watakachorudishiwa, na bado walizinunua. Mgeni aliyetaka kujificha ndani ya faranga sasa alijua kwamba maficho yana kodi. Kwa maoni yangu hapo ndipo riba hasi ilipofanya kazi yake kwa uhakika zaidi: kwenye thamani ya sarafu na kwenye soko la hati. Ilipofika kwa mteja wa kawaida, mwendo ulibadilika.

Kikwazo ni noti. Noti haina riba, lakini pia haikatwi. Faranga 1,000 ya karatasi ikiwekwa kabatini Januari bado ni faranga 1,000 Desemba. Na Uswisi inachapa noti yenye thamani hiyo hasa, mojawapo ya noti kubwa kuliko zote zinazotumika duniani. Faranga milioni moja ni noti 1,000 tu, ambazo mtu anaweza kuzibeba kwenye mkoba mdogo. Turudi kwenye hesabu ya mfuko wa pensheni: katika ile 75,000, gharama za kuhifadhi zingekula kama 50,000, yaani nusu asilimia. Hiyo ndiyo inayoitoa sifuri kwenye nafasi ya sakafu na kuipeleka chini kidogo. Makato yakiwa madogo kuliko gharama ya ulinzi na bima, mwenye fedha anavumilia. Yakizidi, anaanza kutafuta chumba cha chuma.

Benki kuu iliyaona haya mapema, ikaziba tundu moja kwa ustadi. Kila benki ilipewa kiasi cha salio ambacho hakitakatwa. Kwanza kiliwekwa mara 20 ya akiba ambayo sheria huilazimisha benki kuwa nayo. Chukua benki ya mfano ambayo akiba yake ya lazima ni faranga milioni 25. Kiasi chake cha msamaha kilikuwa milioni 500. Ikiwa na salio la milioni 700, ilikatwa kwenye milioni 200 tu, yaani faranga milioni 1.5 kwa mwaka, badala ya milioni 5 na robo. Sasa tuseme benki hiyo ikajaribu ujanja: ikatoa milioni 100 kwa noti na kuzifungia kwenye kabati lake. Salio linashuka hadi milioni 600, lakini kanuni ilisema msamaha unapungua kwa kiasi kilekile noti zilivyoongezeka. Unakuwa milioni 400. Kinachokatwa ni milioni 200 zilezile, na juu yake kuna gharama ya kulinda noti.

Benki zikawa zimefungwa mlango huo, ila wateja wao hawakufungwa. Hapo ndipo benki zilipobanwa pande mbili. Zinakatwa juu, lakini zikimkata mwenye akiba ndogo chini, atakuja dirishani kutoa fedha zake, au atahamia benki ya jirani. Benki hutegemea amana za watu wa namna hiyo kwa sababu hazitikisiki. Hakuna meneja anayetaka kuwa wa kwanza kuzifukuza. Kwa hiyo riba ya akiba kwa watu wa kawaida ilishuka mpaka karibu na sifuri, ikasimama hapo. Benki ndogo ya Alternative Bank Schweiz ilithubutu kuwakata wateja wote asilimia 0.125 kuanzia Januari 2016. PostFinance, benki ya posta, ilianza mwaka 2017 na waliozidi faranga milioni moja, kisha ikawa inashusha kiwango hicho hatua kwa hatua hadi kufikia faranga 100,000 mwaka 2021. Wenye akiba ndogo wengi hawakuguswa.

Angalau hawakuguswa kwa jina hilo. Ada ya mwezi ya akaunti nayo hupunguza salio, na mteja wa Nairobi au Mwanza anaijua vizuri kwenye taarifa yake ya benki. Lakini watu huikubali ada kama malipo ya huduma, na hukasirishwa na riba inayokwenda kinyumenyume. Sisi tuliolelewa na haba na haba hujaza kibaba tunaweza kuwaelewa.

Benki isiyoweza kushusha riba ya amana inapunjika pale riba ya mikopo inaposhuka, maana inaishi kwa tofauti kati ya hizo mbili. Benki za Uswisi zilijitibu kwa njia ambayo benki kuu haikuikusudia. Baada ya Januari 2015 bei ya fedha sokoni ilianguka, lakini riba ya mikopo ya nyumba ya muda mrefu haikuifuata. Kwa muda ilipanda kidogo. Benki ziliongeza faida yao kwa mkopaji wa nyumba ili kufidia zilichokuwa zinapoteza kwa mweka akiba. Katika mikopo yenye riba inayobadilika, nyingi ziliandika kwamba riba ya rejea ikishuka chini ya sifuri itahesabiwa kuwa sifuri. Wachumi Markus Brunnermeier na Yann Koby wameeleza kwamba kuna kiwango ambacho chini yake kushusha riba kunaanza kubana mikopo badala ya kuilegeza, kwa sababu kunakula mtaji wa benki. Ukitaka kujua kama nchi imekaribia hapo, linganisha riba ya mikopo mipya na riba ya soko: zikiachana, ujumbe wa benki kuu haufiki tena.

Wateja nao walikuwa na mbinu zao. Kuna waliotaka kulipa kodi mapema kuliko inavyotakiwa, wapate punguzo na kuihamishia serikali mzigo wa kukaa na fedha. Jimbo la Zug likaondoa punguzo hilo mwaka 2016 na kuona heri walipa kodi wachelewe.

Benki kuu nayo ilikubali mipaka kwa vitendo. Haikuwahi kuvuka asilimia 0.75 katika miaka saba na nusu, na ilipanua msamaha wa benki kutoka mara 20 hadi 25 mwaka 2019, kisha 30 mwaka 2020. Septemba 2022 riba ilirudi juu ya sifuri, na muda mfupi baadaye noti nyingi, hasa zile za 1,000, zikaanza kurudi benki kuu. Zilikuwa zimekaa makabatini zikisubiri.

Juni 2025 riba ya Uswisi ilishuka tena hadi sifuri kamili. Mwenyekiti wa benki kuu, Martin Schlegel, amesema kwamba kizuizi cha kwenda chini ya hapo ni kikubwa kuliko cha kupunguza riba katika hali ya kawaida. Hata hivyo, benki ikizidisha salio lake kupita kiasi kilichowekwa, sehemu iliyozidi inapata robo asilimia pungufu ya riba ya sera. Sera ikiwa sifuri, sehemu hiyo inakatwa.