Barua Kutoka Shamba la Mpunga

Mbarali, mkoani Mbeya, mpunga uliokomaa hausubiri: ukichelewa kuvunwa, punje hupukutika na ndege huzila. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi hukosa vipindi wakati wa mavuno.

Barua kwa mwalimu isiishie kwenye “nitajitahidi”, kwani ahadi hiyo haipimiki. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuandika:

“Shikamoo Mwalimu. Sikuwepo siku 6, tulikuwa tukivuna. Nimekosa somo la asilimia. Jumamosi nitanakili daftari la mwenzangu, nifanye maswali 10, na Jumatano nikuletee uyasahihishe.”

Kunakili pekee hakutoshi. Akishindwa kutatua swali bila kutazama daftari, somo hajalielewa. Hapo amwombe mwalimu amweleze upya.