Kilo Kumi Zangu, Kilo Tano Zetu

Jioni ya kuamkia safari ya Mlima Kenya, vyumba vya wageni pale Nanyuki hugeuka maghala. Makoti kitandani, sufuria sakafuni, na kila mtu akilinyanyua begi la mwenzake kupima kwa mkono. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika, kwa sababu swali linaloulizwa ni moja tu: lina uzito gani? Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ukungu ukishuka na mtu akapotezana na wenzake kwa saa sita, kitu hiki atakihitaji?

Jibu likiwa ndiyo, hicho ni cha mtu binafsi na hakuna kushirikiana. Koti na suruali ya mvua, sweta nzito, kofia, glovu, tochi ya kichwani na betri za akiba, firimbi, maji, chakula cha kutafuna, dawa anazotumia mwenyewe, na blanketi jembamba la dharura lisilofika hata gramu mia. Tochi moja kwa watu wawili ni akiba ya uongo: njia ikigawanyika, mmoja amebaki gizani.

Vilivyobaki ndivyo vya kundi: mahema, jiko na sufuria, mitungi ya gesi, kisanduku cha huduma ya kwanza, ramani na dira, dawa ya kusafishia maji, na chakula cha kupika.

Chukua kundi la watu wanne wanaopandia Sirimon na kushukia Chogoria kwa siku nne, pamoja na kiongozi anayebeba vyake. Mahema mawili yana kilo 5.6. Jiko na sufuria 1.3, mitungi mitatu midogo ya gesi 1.1, huduma ya kwanza 0.6, vidogo vidogo 0.4. Jumla kilo 9. Chakula, kwa gramu 700 kwa mtu kwa siku, ni kilo 11.2. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja anapata kilo 5 na ushei. Vya binafsi, pamoja na begi lenyewe, mfuko wa kulalia na lita mbili za maji, hufika kilo 10. Basi ni kilo 15 mgongoni, wakati kipimo kinachotumiwa na wapandaji wengi ni sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 amezidisha kilo nzima.

Kilo hiyo itoke wapi? Kwanza kwenye marudio: dawa za meno nne, visu vinne, betri nne za kuchajia simu. Kisha jinzi, ambayo ni nzito na ikilowa haikauki. Soksi na fulana kavu za kulalia zisiguswe. Kambi ya Shipton iko mita 4,200 na usiku maji huganda. Mtu aliyelowa akianza kutetemeka, ulimi ukawa mzito na vidole vikashindwa kufunga zipu, mwili wake umepoa kupita kiasi, na nguo kavu ndiyo tiba ya kwanza.

Gesi nayo haipunguzwi kwa kubahatisha. Pale Shipton maji huchemka kwenye nyuzi 86 hivi, kwa hiyo maharage yatameza mtungi mzima na bado yawe magumu. Kinachopunguzwa ni muda wa jikoni: tambi, uji, dengu zilizokobolewa, nyama iliyokaushwa.

Kugawa sawasawa si lazima kuwe haki. Chakula huliwa, hema haliliwi. Wenye miili midogo wapewe chakula, wenye miili mikubwa mahema. Kufikia alfajiri ya siku ya tatu, ya kupanda Lenana kwenye mita 4,985, karibu nusu ya chakula imekwisha na mabegi ya wadogo yamepungua kwa kilo kadhaa. Kiberiti kikae kwenye mabegi mawili tofauti, na huduma ya kwanza abebe anayetembea mwisho, kwa kuwa aliyeumia humkuta yeye nyuma, si kiongozi aliye mbele.

Njia yenyewe hubadilisha hesabu. Anayerudi kwa Sirimon huacha hema Shipton na kupanda kileleni na begi dogo. Anayevuka kwenda Chogoria hupandisha kila kitu hadi karibu na kilele. Lakini hata wa begi dogo wasiache vitu vyote vya kundi kambini. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiende, na mfuko mmoja wa kulalia pia, maana aliyeteguka mguu kwenye kokoto za juu hawezi kutembea ili apate joto, na huenda akawasubiri waokoaji kwa saa nyingi.