Farasi Kashika Nafasi ya Nne, Nusu ya Pesa Imekwenda Wapi?

Rafiki yangu anayeishi Birmingham alinionyesha risiti ya duka la kubeti huku amekunja uso. Alikuwa ameweka dau la aina ambayo Waingereza huiita ichi-wei, yaani dau la ushindi na nafasi, pauni 5 kila upande. Farasi wake alikuwa na odi ya 12/1, mbio zilikuwa na farasi 16, na duka lilikuwa linalipa nafasi nne za mwanzo. Farasi akashika nafasi ya nne. Rafiki yangu akapiga hesabu, akaona anadai pauni 20. Dirishani akapewa 10.

“Wamenidhulumu nusu yangu,” akasema.

Niliisoma risiti, nikayasoma na matokeo. Hakudhulumiwa hata senti. Ila alikuwa hajaelezwa mambo mawili: kwamba dau lile ni madau mawili, na kwamba farasi wawili wakifika mstarini pamoja, kinachokatwa ni dau.

Tuanze na lile la kwanza. Anayesema “pauni 5 ichi-wei” analipa pauni 10. Pauni 5 zinakwenda kwenye dau la ushindi: farasi asiposhika nafasi ya kwanza, zimepotea. Pauni 5 nyingine zinakwenda kwenye dau la nafasi, na hizo zinalipwa farasi akiwa wa kwanza au akiingia katika nafasi zilizotajwa. Kila dau huhesabiwa peke yake, kisha majibu hujumlishwa. Ukiyachanganya tangu mwanzo, hutapata jibu sahihi.

Dau la nafasi halilipwi kwa odi nzima, bali kwa sehemu yake. Sehemu hiyo, pamoja na idadi ya nafasi, hutegemea wingi wa farasi na aina ya mbio. Kwa kanuni zinazotumika sana Uingereza, mbio za farasi wanne au pungufu hazina dau la nafasi kabisa. Wakiwa watano hadi saba, hulipwa nafasi mbili kwa robo ya odi. Kuanzia wanane hulipwa nafasi tatu kwa moja ya tano ya odi. Mbio za handikapu, ambamo farasi hodari hubebeshwa uzito mkubwa zaidi ili wenzake wamkaribie, zina ukarimu kidogo: farasi 12 hadi 15, nafasi tatu kwa robo, farasi 16 au zaidi, nafasi nne kwa robo.

Kinachohesabiwa kwa kawaida ni farasi walioanza mbio, wala si waliotangazwa asubuhi. Mtu akiweka dau mbio zikiwa na farasi wanane, kisha mmoja akaondolewa kwa kuchechemea, wanabaki saba, na nafasi ya tatu hailipwi tena. Wengi hushangaa hapo, kwa kuwa farasi wao wa tatu alikuwa na thamani saa nne asubuhi, na saa nane mchana hana.

Sasa turudi kwenye risiti. Odi ya 12/1 maana yake ni kwamba kila pauni 1 huzaa faida ya pauni 12, na pauni yenyewe hurudi. Mbio zilikuwa handikapu ya farasi 16, kwa hiyo robo ya 12/1 ni 3/1. Dau la ushindi limekufa: sifuri. Dau la nafasi ni pauni 5 kwa 3/1, yaani faida ya 15 na dau la 5, jumla 20. Hadi hapa rafiki yangu alikuwa sahihi.

Lakini matokeo yalionyesha farasi wawili wa nne. Picha ya mstarini ilishindwa kuwatenganisha. Pua zao zilifika pamoja. Nafasi ya kulipwa ilikuwa imebaki moja, na wenye kuidai ni wawili. Kanuni inasema dau ligawanywe: chukua idadi ya nafasi zilizobaki, igawanye kwa idadi ya farasi waliofungana, kisha zidisha kwa dau lako. Moja kwa mbili ni nusu. Pauni 2.50 zikalipwa kwa odi kamili ya nafasi, 3/1: faida 7.50, na dau la 2.50, jumla 10. Zile pauni 2.50 nyingine zikahesabiwa kuwa zimepotea.

Wengi huteleza hapo kwa kukata odi na kuliacha dau zima. Angefanya hivyo, angepata pauni 5 kwa 1.5/1, yaani 12.50, na angerudi dirishani kudai pauni 2.50 zisizo zake. Ukiona hesabu yako imezidi ya duka kidogo tu, kagua kwanza kosa hilo.

Tena, kufungana hakuleti hasara kila mara. Wale farasi wawili wangefungana nafasi ya tatu, nafasi ya tatu na ya nne zote zingekuwa zao: nafasi mbili kwa farasi wawili, hakuna kukatwa, na pauni 20 zingelipwa zote. Wangefungana watatu katika nafasi ya tatu, wangegawana nafasi mbili, na kila dau lingehesabiwa theluthi mbili.

Wakifungana wawili kileleni, ndipo inapoonekana faida ya kutenganisha madau. Dau la ushindi linakatwa nusu: pauni 2.50 kwa 12/1 zinaleta 32.50. Dau la nafasi halikatwi, maana farasi wote wawili wamo ndani ya nafasi nne bila ubishi: 20 kamili. Jumla ni pauni 52.50. Angeshinda peke yake, ingekuwa 65 na 20, jumla 85.

Kwa wasomaji waliozoea odi za desimali, kama zinavyoandikwa kwenye mikeka yetu ya mpira, kuna mtego mmoja. 12/1 huandikwa 13.00, kwa sababu dau limeshajumlishwa ndani. Ukigawanya 13 kwa nne utapata 3.25, na hilo ni kosa. Toa 1 kwanza ibaki 12, gawanya kwa nne upate 3, kisha rudisha 1: odi ya nafasi ni 4.00.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha dau hili linafaa wapi. Kwa robo ya odi, farasi wa 4/1 akishika nafasi bila kushinda anakurudishia jumla uliyotoa, bila faida. Kwa moja ya tano, mpaka huo ni 5/1. Chini ya hapo, farasi anaweza kushika nafasi ya pili nawe ukatoka na hasara. Na rafiki yangu alijionea kwamba hata wa 12/1, akifungana katika nafasi ya mwisho inayolipwa, anaweza kukuacha palepale ulipoanza.

Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu wa dirishani, soma mambo matatu: farasi wangapi walianza mbio, risiti inalipa nafasi ngapi na kwa sehemu gani ya odi, na kama kuna namba iliyojirudia kwenye orodha ya matokeo. Namba 4 ikitokea mara mbili, nusu unayoitafuta iko kwa mwenye yule farasi mwingine.